Slaidi zako zipo tayari? Hivi ndivyo unavyozigeuza kuwa maelezo ya video yenye sekunde na vituo

Watu wengi wakiambiwa wageuze slaidi kuwa video hufanya jambo moja: wanafungua slaidi, wanawasha kinasa sauti, wanasoma kilichoandikwa. Matokeo yake huwa yaleyale. Picha moja inakaa sekunde 40 bila kubadilika, nyingine inapita kabla mtu hajaielewa, na ule ujumbe muhimu unamezwa katikati ya tarakimu.

Tatizo ni kwamba slaidi zimeandikwa kwa ajili ya macho, na pale mbele palikuwa na mtu wa kufafanua. Kwenye video mtu huyo hayupo. Kinachobaki ni sauti, na sauti ina urefu wake. Ukitaka video ikae sawa, pima kile kinachotamkwa, usipime kilichoandikwa.

Ili lieleweke vizuri, tutumie mfano mmoja mwanzo hadi mwisho.

Mfano: silikanti na wavuvi wa Kigombe

Kigombe ni kijiji cha wavuvi wilayani Muheza, mkoani Tanga, kandokando ya barabara ya kwenda Pangani. Kipo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009. Silikanti ni yule samaki ambaye wanasayansi waliamini ametoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, hadi aliponaswa Afrika Kusini Desemba 1938. Tanzania ilimrekodi kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Baada ya hapo wengi walinaswa pwani ya Tanga, wengi wao kwenye jarife za papa zilizoshushwa kina kirefu.

Tuseme kuna slaidi 8 kuhusu samaki huyu, zilizoandaliwa kwa ajili ya kikao cha kijiji. Kikao kimepita, lakini wavuvi wengi walikuwa baharini siku hiyo. Sasa inatakiwa video ya dakika 2 itakayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Isiwe ndefu zaidi ya hapo, maana mtu anatumia bando lake.

Slaidi zenyewe ni hizi: kichwa cha habari, mambo yatakayozungumzwa, historia ya samaki, hifadhi, jinsi anavyonaswa, maisha yake, hatua za kuchukua, na "Asanteni".

Hatua ya 1: Gawa kazi ya mdomo na kazi ya macho

Kabla ya kuandika chochote, pitia kila slaidi ukijiuliza: hiki kitasemwa, kitaonekana, au kitaondoka kabisa?

Slaidi ya pili, ile ya mambo yatakayozungumzwa, inaondoka. Kwenye kikao ilisaidia watu kujua mpangilio, lakini kwenye video ya dakika 2 inakula muda tu. Zinabaki slaidi 7, na kila moja inakuwa sini moja, yaani kipande kimoja cha video chenye picha yake na maneno yake.

Sasa tazama slaidi ya nne, inayohusu hifadhi. Ina mistari mitatu:

- Ilianzishwa 2009
- Eneo: km² 552 (bahari 467, nchi kavu 85)
- Mlango wa Mto Pangani – Mafuriko, km 100

Kwa macho ni mistari mitatu mifupi. Kwa mdomo hali ni tofauti. Mstari wa pili ukitamkwa unakuwa "kilomita za mraba mia tano hamsini na mbili, bahari mia nne sitini na saba, nchi kavu themanini na tano". Hapo zimeenda kama sekunde 8, na msikilizaji hajabaki na tarakimu hata moja kichwani.

Kwa hiyo eneo la kilomita za mraba halisemwi kabisa. Libaki kwenye karatasi za kikao. Kinachosemwa ni umbali wa pwani, kwa sababu mvuvi anaujua kwa kuusafiri. Mwaka 2009 utasemwa, na pia utaandikwa kwa herufi kubwa juu ya ramani.

Hatua ya 2: Andika upya kama mtu anavyoongea

Lugha ya slaidi hupenda majina marefu. Slaidi ya hatua za kuchukua imeandikwa hivi: "Uzuiaji wa matumizi ya jarife katika maeneo ya kina kirefu". Hakuna mtu anayeongea hivyo pale mwaloni. Kwa sauti inakuwa: "Jarife lisishuke kwenye kina kirefu."

Jambo la pili ni yale maneno ya "hapa" na "kama mnavyoona". Kwenye kikao mtoa mada alinyoosha kidole kwenye ramani. Kwenye video hakuna kidole. Taja mahali kwa jina, au weka mstari wa rangi kwenye picha kisha useme "mstari mwekundu".

Slaidi ya nne baada ya kuandikwa upya inasomeka hivi:

"Ukitoka mlango wa Mto Pangani, ukapanda kaskazini mpaka Mafuriko, ni kama kilomita mia moja za pwani. Ukanda huo ndio Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, tangu mwaka elfu mbili na tisa. Na Kigombe ipo ndani yake."

Ona kwamba tarakimu zote zimeandikwa kwa maneno. Hiyo inamzuia msomaji asikwame katikati ya kurekodi, na inasaidia sana kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Pima sekunde kwa silabi

Maelekezo mengi ya mtandaoni yanasema hesabu maneno, kisha gawa kwa maneno 150 kwa dakika. Kipimo hicho kimetokana na Kiingereza, ambacho maneno yake mengi ni mafupi. Kwa Kiswahili kitakudanganya. "Na" ni neno moja na "wanaposhughulikia" ni neno moja, lakini la kwanza lina silabi 1 na la pili lina silabi 8.

Bahati nzuri Kiswahili kina njia rahisi zaidi. Karibu kila silabi inaishia na irabu, kwa hiyo ukihesabu a, e, i, o, u umeshapata idadi ya silabi. Zinazokosekana ni zile m na n zinazosimama peke yake, kama kwenye "mto" na "nchi". Hizo ni chache, tofauti yake ni ndogo.

Kama unatumia Google Sheets, weka sentensi kwenye kisanduku A1, kisha andika hivi kwenye kisanduku cha pembeni:

```
=LEN(REGEXREPLACE(LOWER(A1),"[^aeiou]",""))
```

Itakupa idadi ya irabu. Angalizo: ukiacha 1938 kwa tarakimu, fomula itaihesabu kama sifuri. Ikitamkwa "elfu moja mia tisa thelathini na nane" ni silabi 15. Hapo ndipo video nyingi zinapozidi muda bila mwandishi kujua kwa nini.

Sasa unahitaji kasi ya msomaji wako. Mpe aya yenye silabi 300, asome kwa sauti ya kawaida kama anamwelezea mtu, huku simu ikihesabu sekunde. Akimaliza kwa sekunde 60, kasi yake ni silabi 5 kwa sekunde. Pima mtu yuleyule atakayerekodi. Kijana anayesoma haraka na mzee anayeongea taratibu wanaweza kutofautiana sana, na kasi ya mmoja haimfai mwingine.

Tuchukue kwamba msomaji wetu anakwenda silabi 5 kwa sekunde. Maelezo ya hifadhi yanatoka hivi:

- Sentensi ya kwanza: silabi 39, karibu sekunde 8
- Sentensi ya pili: silabi 30, sekunde 6
- Sentensi ya tatu: silabi 10, sekunde 2

Jumla ni sekunde 16 za sauti. Lakini sini haiwezi kuwa ya sekunde 16, kwa sababu bado hatujaweka vituo.

Hatua ya 4: Weka vituo, na kila kimoja kiwe na sababu

Kituo ni pale sauti inaponyamaza kwa makusudi. Kwenye video ya slaidi kuna vituo vya aina tatu vinavyotosha.

Cha kwanza ni kituo cha kumaliza wazo, sekunde 1 mwisho wa sentensi. Cha pili ni kituo cha macho, sekunde 2 au zaidi, pale picha mpya, ramani au maandishi yanapohitaji kuangaliwa. Mtu hawezi kusoma kitu kimoja na kusikiliza kingine kwa wakati mmoja, akielewa vyote. Cha tatu ni kituo cha uzito, kinachokuja mara tu baada ya jambo ambalo hutaki lipotee.

Andika vituo ndani ya maelezo yenyewe, kwa alama moja isiyobadilika, ili msomaji asiulize:

SINI 3 | kuanzia 0:32 hadi 0:52 | ramani ya pwani, Pangani hadi Mafuriko
Ukitoka mlango wa Mto Pangani, ukapanda kaskazini mpaka Mafuriko, ni kama kilomita mia moja za pwani. [kituo 1]
Ukanda huo ndio Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, tangu mwaka elfu mbili na tisa. [kituo 1]
Na Kigombe ipo ndani yake. [kituo 2]

Sauti sekunde 16, vituo sekunde 4, sini sekunde 20. Kile kituo cha mwisho ni cha macho: alama ya Kigombe inawaka kwenye ramani na mtazamaji anapata nafasi ya kuitafuta.

Kituo kikikaa vibaya, maana inageuka

Hili si suala la sauti nzuri tu. Soma sentensi hii:

"Ukimkuta silikanti kwenye jarife mara moja toa taarifa."

Ukisimama baada ya "jarife", maana yake ni: ukimkuta, toa taarifa bila kuchelewa. Ukisimama baada ya "mara moja", inakuwa: ukishamkuta mara moja tu, ndipo utoe taarifa. Maneno ni yaleyale, agizo ni jingine. Kwenye slaidi hakuna aliyeligundua kwa sababu mtoa mada alikuwepo kufafanua.

Dawa ya kwanza ni kuweka alama ya kituo. Dawa bora zaidi ni kubadilisha maneno ili sentensi isitegemee kituo: "Akinaswa, hapo hapo toa taarifa." Hata msomaji akikosea pumzi, maana inabaki.

Kuna mtego mwingine kwenye makatazo. Katazo la Kiswahili mara nyingi linabebwa na silabi moja, "si". "Lisishuke" na "lishuke" zinatofautiana kwa silabi hiyo tu, na kwenye spika ya simu yenye upepo wa bahari inaweza kupotea. Kwa hiyo kwenye sentensi ya katazo ondoa muziki wa chini, weka kituo kabla yake na kingine baada yake, na andika katazo hilo kwenye picha.

Hii ndiyo sini ya hatua za kuchukua, ambayo ndiyo moyo wa video nzima:

SINI 6 | kuanzia 1:32 hadi 1:54 | picha ya jarife, maandishi "LISISHUKE KINA KIREFU"
Ndugu mvuvi, sikiliza hili kwa makini. [kituo 1]
Jarife lisishuke kwenye kina kirefu. [kituo 2]
Huko ndiko silikanti anakoishi. [kituo 1]
Akinaswa kwa bahati mbaya, hapo hapo toa taarifa kwa viongozi wa BMU. [kituo 1]
Asiuzwe, wala asiliwe. [kituo 1]

Ni silabi 80, yaani sekunde 16, pamoja na vituo vya sekunde 6. BMU imehesabiwa kwa jinsi inavyotamkwa, "bi-em-yu", silabi 3. Fomula ya Google Sheets ingeona irabu moja tu hapo, kwa hiyo vifupisho navyo viandike kama vinavyotamkwa kabla ya kuhesabu.

Hatua ya 5: Panga jedwali la muda la video nzima

Sini zote 7 zikishapimwa, ziweke kwenye orodha moja:

- Sini 1, kichwa na picha ya samaki: sauti 7, vituo 3, jumla 10
- Sini 2, historia ya 1938: sauti 18, vituo 4, jumla 22
- Sini 3, hifadhi: sauti 16, vituo 4, jumla 20
- Sini 4, anavyonaswa: sauti 17, vituo 5, jumla 22
- Sini 5, maisha yake: sauti 14, vituo 4, jumla 18
- Sini 6, hatua za kuchukua: sauti 16, vituo 6, jumla 22
- Sini 7, kufunga: sauti 4, vituo 2, jumla 6

Sauti ni sekunde 92, vituo sekunde 28, jumla sekunde 120. Karibu robo ya video ni ukimya. Wanaoanza huiona ni mingi, wanaikata, halafu wanashangaa watu kusema video "inakimbia".

Sini ikizidi muda, punguza maneno. Usimwambie msomaji aongeze kasi. Hesabu ni nyepesi: ukizidi sekunde 3, toa silabi 15. Kwenye sini ya maisha yake, kwa mfano, kuna mambo mawili kutoka utafiti wa mwaka 2021: kwamba silikanti huweza kuishi karibu miaka 100, na kwamba mimba yake huchukua takriban miaka 5. Kama nafasi haitoshi, baki na la mimba. Ndilo linalomweleza mvuvi kwa nini jike mmoja akifa ni hasara ya muda mrefu.

Hatua ya 6: Ingiza sekunde kwenye slaidi

Kwenye PowerPoint ya kompyuta, nakili maelezo ya kila sini kwenye sehemu ya `Notes` chini ya slaidi husika. Kisha nenda `Transitions`, kwenye `Advance Slide` weka tiki kwenye `After` na uandike muda wa sini. Sini ya 3 itakuwa `00:20.00`. Ukimaliza slaidi zote, nenda `File`, `Export`, `Create a Video`, na uchague `Use Recorded Timings and Narrations`.

Rekodi sauti ya kila sini kwenye faili lake. Usirekodi dakika 2 kwa mkupuo mmoja, maana kosa la sini ya 6 litakulazimisha kurudia zote. Na kinasa kiachwe kikiendelea wakati wa vituo, ili ukimya uwe wa chumba kilekile. Ukimya uliobandikwa baadaye husikika kama sauti imekatika.

Watu wengi hutazama video bila sauti, kwa hiyo weka na maandishi ya chini. Faili la `.srt` linatoka moja kwa moja kwenye jedwali lako la muda:

```
7
00:00:41,000 --> 00:00:47,000
Ukanda huo ndio Hifadhi ya Bahari
ya Silikanti, tangu mwaka 2009.

8
00:00:48,000 --> 00:00:50,000
Na Kigombe ipo ndani yake.
```

Hapa tarakimu zinarudi. Jicho linasoma "2009" haraka kuliko "elfu mbili na tisa". Na kati ya sekunde ya 47 na ya 48 hakuna maandishi: kile ni kituo chako.

Jinsi ya kujua kama imekaa sawa

Fanya majaribio matatu kabla ya kuituma.

Kwanza, icheze ukiwa umefumba macho. Kama kuna mahali huelewi bila kuona picha, maneno yamekosa kitu, au kuna "hapa" iliyosahaulika.

Pili, icheze bila sauti. Picha ikibadilika kabla hujaisoma, kituo cha macho ni kifupi. Ukianza kuchoka kuitazama, sini ni ndefu na igawanywe mara mbili.

Tatu, mpe mtu ambaye hakuwepo kwenye kikao, aitazame mara moja kwenye simu ya kawaida, nje, bila spika za masikioni. Usimuulize kama ameipenda. Muulize: "Silikanti akinasa kwenye jarife lako, unafanya nini?" Akijibu atatoa taarifa hapo hapo, wala hatamuuza, vituo vimefanya kazi. Akisema "mpaka nimkute mara moja kwanza", au akikumbuka mwaka 1938 na kusahau jarife, rudi sini ya 6 kabla video haijaanza kusambaa.